Mpango wa Matibabu ya Meno na Fomu ya Ridhaa: Tafsiri kwa Mama Neema

Mgonjwa: Mama Neema, miaka 52, wa Kilolo. Anatumia vidonge vya presha. Hana mzio wa dawa unaojulikana. Kliniki ya meno, Iringa mjini, Jumatatu tarehe 9 Machi 2026.

Shikamoo mama. Daktari aliandika mpango huu kwa Kiingereza, nami nimeuandika upya kwa Kiswahili usaini jambo unalolielewa. Maelezo yangu mwenyewe nimeyatanguliza kwa neno "Mfasiri".

Daktari alichokiona

Jino namba 36 limetoboka hadi ndani, na picha ya eksirei inaonyesha usaha kwenye ncha ya mzizi. Namba 46 limebaki kisiki tu. Fizi zinatoka damu kwa sababu ya ukoga uliogandamana.

Mfasiri: 36 si idadi ya meno. Tarakimu 3 ni upande wa chini kushoto, na 6 ni jino la sita ukihesabu kuanzia katikati ya mdomo. 46 ni gego kama hilo, upande wa kulia. Kabla ya sindano, mwonyeshe daktari kwa kidole lipi ni lipi.

Kitakachofanyika

Tarehe 16 Machi: kusafisha meno, shilingi 50,000, na kung'oa kisiki cha 46, shilingi 30,000.

Tarehe 30 Machi na 13 Aprili: matibabu ya mzizi wa jino 36, shilingi 220,000 kwa siku zote mbili. Utachomwa ganzi. Daktari atatoboa jino kwa juu, atoe nyama iliyooza ndani, asafishe njia za mizizi kwa sindano nyembamba na dawa, aweke dawa na kuziba kwa muda. Siku ya pili ataziba moja kwa moja.

Mfasiri: mtaani tunaita "kuua jino", na wengi hudhani litang'olewa. Halitolewi, linabaki mdomoni na utalitafunia.

Tarehe 4 Mei: kofia ya jino, shilingi 350,000. Gego lililotibiwa mzizi hupasuka kwa urahisi lisipofunikwa. Jumla ya yote ni shilingi 650,000, nawe utalipa kila siku kwa kazi ya siku hiyo. Mvua ikiharibu barabara, piga simu tupange siku nyingine, lakini usiache kizibo cha muda kikae miezi: kikivuja, usaha hurudi.

Njia nyingine

Unaweza kuchagua 36 ling'olewe, kwa shilingi 30,000. Maumivu yataisha na gharama ni ndogo, ila utabaki na pengo pande zote mbili za chini, na ugali wa kawaida utautafuna kwa shida. Unaweza pia kukataa matibabu yote. Hapo usaha utabaki, na unaweza kusambaa kwenye taya na shingo hata pale maumivu yanapotulia.

Madhara yanayoweza kutokea

Ganzi hukaa saa 2 hadi 4. Usile kabla haijaisha, usije ukajing'ata mdomo. Jino linaweza kuuma siku kadhaa. Mara chache sindano ya kusafishia hukatikia ndani ya mzizi, au matibabu yasishike na jino likang'olewa baadaye. Baada ya kung'oa, damu huweza kutoka, na siku ya 2 hadi ya 4 tundu linaweza kuuma sana ikiwa damu iliyoganda ndani yake imetoka; hilo likitokea, rudi kliniki. Ganzi ya mdomo kubaki kwa muda mrefu hutokea kwa nadra.

Vidonge vya presha meza asubuhi kama kawaida. Presha ikifika 180/110, daktari ataahirisha. Ukiandikiwa metronidazo, usiguse ulanzi wala pombe yoyote hadi siku 3 baada ya kumaliza dozi.

Baada ya kung'oa, uma pamba dakika 30, usisukutue hadi kesho yake. Ukivimba chini ya taya au shingoni, ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, usisubiri tarehe yako: nenda hospitali saa ileile, hata usiku.

Ridhaa

Mimi, Mama Neema, nimesomewa maneno haya kwa sauti mbele ya binti yangu. Nimeelezwa ugonjwa, matibabu, madhara, njia nyingine na gharama, na maswali yangu yamejibiwa. Nakubali kusafishwa meno, kung'olewa 46, na kutibiwa mzizi wa 36. Kofia nitaamua tarehe 13 Aprili. Nikibadili nia naweza kusimamisha matibabu wakati wowote, na sitanyimwa huduma nyingine.

Jino lingine lisiguswe bila kuniuliza kwanza.

Dole gumba langu liko hapa chini, likifuatiwa na sahihi ya binti yangu akiwa shahidi, ya daktari, na ya mfasiri.