Naomba unipitie tangazo la dagaa

Shikamoo Mwalimu. Pole na kusahihisha mitihani.

Naomba unipitie hili tangazo kabla sijalipeleka kwa mchapaji. Vipeperushi vingine tutabandika hapa Mwaloni Kirumba, vingine vinapanda magari ya Sirari kwa wateja wa ng'ambo ya mpaka. Kijana wa kuchapa anafunga saa kumi na moja, na akishachapa hela hairudi. Maneno yenyewe haya:

"DAGAA SAFI WA ZIWA VIKTORIA. Dagaa wetu wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, asubui wanaanikwa juu ya chanja, sio chini, kwa hiyo ukitafuna husikii mchanga. Tunauza kwa debe na kwa kiroba. Mzigo wa masika tunauchambua mara mbili maana jua likiwa dogo dagaa wanaharibika. Alafu bei zetu ni rafiki, njoo tuongee. Karibuni wateja wote, omena ya uwakika ipo hapa."

Hapo kwenye masika mimi naona kama tunajichongea wenyewe. Mama mkubwa anasema hapo ndipo penye ukweli, mteja ajue. Basi tumeacha, wewe utaona.

Lirekebishe tu likae vizuri, kama ulivyotufanyia ile barua ya kikundi. Ukimaliza nitumie kwenye simu, nitampa mchapaji vilevile lilivyo, sitalisoma tena maana leo ndoo za mzigo zinaingia mchana.

Sato wako nimemweka kwenye barafu, mtoto apitie jioni.