Be, Alifu, Be

Baba alikuwa bwana samaki wa Kigombe, kusini ya Tanga. Nyumbani kwetu samaki hakuingia chunguni mpaka yeye ambonyeze. Akihisi nyama imelegea na mifupa imevunjika ndani, humrudishia mchuuzi: "Huyu wa baruti. Peleka kwa wasio na haya."

Alipofariki nilichukua daftari lake la diko la mwaka 1987, nikidhani nimeokota takwimu za bure za utafiti wangu wa mwaka wa 3. Tarakimu zilisomeka. Maneno yalikuwa kwa herufi za Kiarabu bila irabu, nami kila nikiyasoma Kiarabu hayatoi maana. Usiku wa tatu nikayatamka kwa sauti, kama tulivyokuwa tukiitikia kwa maalimu. Kumbe Kiswahili kitupu!

Tabu ni kwamba Kiarabu hakina p wala v. Wazee walioandika hivi waliitwisha be kazi ya b, ya p, hata ya mb. Fe nayo ikabeba v. "Bono" ni mbono. "Bafua" ni bamvua. Nikakwenda hivyo ukurasa kwa ukurasa: tasi, changu, kolekole, kilo zao na maji ya siku ile. Mara kwa mara palikuwa na be, re, te. Nikadhani ni jina la ngalawa, nikalipita.

Mpaka nikafika hapa: "Bamvua. Mbono kilo 140. B-r-t. Utambi mfupi. Nimewasha mimi."

Ngalawa haina utambi.

Chini yake mwandiko umeyumba: "Mkono wa Sudi umekwenda. Tumekubaliana tuseme" kisha be, alifu, be.

Nikasoma: tuseme baba. Baba yupi? Nikarudia, nikaufunga ukurasa, nikaenda kuchemsha chai nisiyoinywa. Maji yalipokuwa yakitokota ndipo ile be ikageuka kichwani mwangu. Papa. Tuseme papa.

Mzee Sudi ndiye aliyetusimulia utotoni jinsi papa alivyomkata mkono kwenye kiwiko, na sisi tukipigania kukishika kile kigutu. Na kila Idi, kabla mama hajapima wa kwetu, nusu gunia la mchele lilikuwa limeshafika kwake. Tuliita sadaka.

Jumamosi nikaenda. Nilimkuta barazani anasuka dema kwa mkono mmoja, ufito mwingine kaubana kwa vidole vya mguu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

Nikatoa daftari, nikalifungua pale, nikaliweka mkekani. Yeye alisoma chuo kimoja na baba. Alilitazama kitambo, midomo ikicheza bila sauti, kisha akalifunga kwa kile kigutu na kuendelea kusuka.

"Idi ya mwaka huu," akasema bila kuniangalia, "mchele utaleta wewe?"