Jaribio la Saikolojia: Ni Pavlov au ni Skinner?

Muda: dakika 40. Jumla ya alama: 30. Jibu maswali yote.

Kila tukio hapa chini linaweza kuwa ujifunzaji sharti wa kikale (wa Pavlov), ujifunzaji sharti tendaji (wa Skinner), vyote viwili kwa wakati mmoja, au kisiwepo hata kimoja. Usibabaishwe na mbwa, zawadi au chakula. Hivyo vinaweza kutokea upande wowote. Jiulize jambo moja: kilichofuata kilitegemea alichofanya mhusika, au kingekuja hata kama angekaa tu bila kufanya chochote?

Swali la 1 (alama 2). Simu ya mfanyakazi mmoja ina mlio maalumu kwa meseji za bosi wake, na bosi huyo huandika tu pale anapokuwa na lawama. Leo, ndani ya basi, simu ya abiria mwingine imetoa mlio uleule. Moyo wa mfanyakazi umemlipuka kabla hajawaza lolote. Huu ni mfano wa:

A. uimarishaji chanya
B. uimarishaji hasi
C. ujifunzaji sharti wa kikale
D. adhabu

Swali la 2 (alama 2). Gari hutoa mlio wa kukera hadi dereva afunge mkanda. Baada ya wiki chache, dereva anafunga mkanda hata kabla hajawasha injini. Tabia ya kufunga mkanda imejengwa na:

A. adhabu chanya
B. uimarishaji hasi
C. adhabu hasi
D. ujifunzaji sharti wa kikale peke yake

Swali la 3 (alama 4). Mtoto wa mwaka mmoja na nusu amechomwa sindano mara kadhaa na muuguzi aliyevaa koti jeupe. Sasa akiona koti jeupe mlangoni, anaangua kilio.

(a) Taja kichocheo asilia, mwitiko asilia, kichocheo sharti na mwitiko sharti. (alama 2)
(b) Kinyozi naye amevaa koti jeupe, na mtoto analia vilevile. Hali hii inaitwaje? (alama 1)
(c) Kila mtoto anapolia, mama anamtoa nje ya chumba. Ziara baada ya ziara, kilio kinaanza mapema zaidi na kinazidi kuwa kikali. Ni ujifunzaji wa aina gani umeongezeka hapa? (alama 1)

Swali la 4 (alama 2). Mtu amehamia nyumba iliyo kando ya reli. Usiku wa kwanza treni zilimwamsha kila mara. Baada ya mwezi halisikii tena treni lolote. Je, ni Pavlov, ni Skinner, au si yeyote kati yao? Toa sababu kwa sentensi moja.

Swali la 5 (alama 3). Paka anasikia kopo la chakula chake likifunguliwa. Mate yanaanza kumtoka, kisha anatoka mbio hadi jikoni. Tenganisha vitendo viwili, na useme kila kimoja ni cha upande gani. Kisha eleza sauti ya kopo inafanya kazi gani kwa kila kimoja.

Swali la 6 (alama 2). Mwanafunzi anapiga kelele darasani. Kila anapofanya hivyo, mwalimu anasimamisha somo na kumkemea mbele ya wenzake. Kufikia mwisho wa mwezi, kelele zimeongezeka. Kwa mtazamo wa Skinner, kukemea kumekuwa nini?

Swali la 7 (alama 4). Mtoto anataka pipi dukani, anakataliwa, anajitupa sakafuni na kupiga mayowe. Watu wanageuka kutazama. Mzazi ananunua pipi, mayowe yanakatika.

(a) Mayowe ya mtoto yameimarishwa vipi?
(b) Tabia ya mzazi ya kununua imeimarishwa vipi?
(c) Mzazi anaapa kutonunua tena. Safari ya kwanza baada ya kiapo, mayowe yanakuwa makubwa kuliko siku zote. Kwa nini?
(d) Mzazi anashindwa kujizuia na ananunua mara mojamoja tu, pasipo mpangilio. Taja athari yake kwa mayowe ya mtoto.

Swali la 8 (alama 3). Mtu amekula samaki mchana. Saa kadhaa baadaye anaanza kutapika, na daktari anamwambia ni virusi vya tumbo alivyoambukizwa na mtoto wake. Samaki hakuwa na tatizo lolote. Hata hivyo, tangu siku hiyo harufu ya samaki inamtia kichefuchefu.

(a) Ni ujifunzaji wa aina gani?
(b) Taja mambo mawili yanayoutofautisha na mbwa wa Pavlov.

Swali la 9 (alama 2). Umeme wa radi unamulika dirishani. Msichana mabega yanamruka, halafu anaziba masikio kwa viganja kabla ngurumo haijafika. Kipi kati ya vitendo hivi viwili ni cha Pavlov, na kipi ni cha Skinner?

Swali la 10 (alama 6). Mwanamume alikwama ndani ya lifti kwa muda mrefu, gizani, akihema kwa shida. Tangu hapo, akiikaribia lifti mapigo ya moyo yanamwenda mbio, anageuka na kupanda ngazi, na akifika ghorofa ya kwanza anahisi utulivu. Miaka imepita, hofu iko palepale. Eleza jinsi hofu ilivyoanza, kwa nini haijaisha, na ungefanya nini kuipunguza. Andika aya moja au mbili.

MAJIBU NA MAELEZO YA USAHIHISHAJI

1: C. Lawama huja iwe mfanyakazi ameitika mlio au hajaitika. Hakuna alichofanya kikaleta matokeo. Mlio umetangulia lawama mara nyingi hadi wenyewe unaamsha hofu. Aliyechagua D ameona jambo lisilopendeza akadhani lazima iwe adhabu. Adhabu hupunguza tabia fulani, na hapa hakuna tabia iliyopungua.

2: B. Kitu cha kukera kinaondolewa, tabia inaongezeka. Kila mwaka A huvuna watu wengi. Mlio haufuati kufunga mkanda, bali unakoma kwa sababu ya kufunga mkanda. Mwanzoni dereva alikuwa anaukimbia mlio uliokwisha anza. Sasa anauepuka kabla haujaanza.

3. (a) Kichocheo asilia: mchomo wa sindano. Mwitiko asilia: kilio cha maumivu. Kichocheo sharti: koti jeupe. Mwitiko sharti: kilio cha hofu anapoliona. Nusu alama kwa kila kimoja. Aliyeandika "muuguzi" kama kichocheo sharti apewe pia, mradi asimwandike kama kichocheo asilia.
(b) Kujumlisha kichocheo. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walimtia hofu mtoto mchanga kwa kugonga chuma kwa nyundo kila alipomgusa panya mweupe. Hofu ilisambaa hadi kwa sungura na vitu vingine vya manyoya. Utafiti huo leo usingepita kwenye kamati yoyote ya maadili.
(c) Sasa kilio kina matokeo: kinamtoa mtoto kwenye chumba cha hofu. Huo ni uimarishaji hasi. Machozi ni yaleyale, lakini kilichoanza kama mwitiko wa Pavlov kimepata mshahara wa Skinner juu yake. Anayesema "kimebadilika kikawa tendaji" apewe nusu, kwa kuwa sehemu ya kwanza haijaondoka.

4. Si yeyote kati yao. Ni kuzoea: kichocheo kimoja kinarudiwa, mwitiko unafifia. Treni halijaunganishwa na tukio jingine, wala mtu hakupata wala kupoteza kitu kwa alichofanya. Swali limewekwa makusudi kwa wale wanaoamini kila badiliko la tabia lazima liwe la mmoja wa mabwana hao wawili.

5. Mate ni ya Pavlov: hayatoki kwa kuamua, na chakula kingekuja hata kama yasingetoka. Kukimbilia jikoni ni kwa Skinner: paka anayekimbia hufika kwenye bakuli, anayebaki amelala hupitwa na mlo ukiwa bado mpya. Kwa mate, sauti ya kopo ni kichocheo sharti. Kwa mbio, ni ishara tu kwamba kukimbia sasa kutalipa. Haimlazimishi paka kukimbia. Alama moja kwa kila kitendo, na moja kwa kutofautisha kazi mbili za sauti. Hii alama ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote kwenye karatasi nzima, na sitaigawa nusu nusu.

6. Uimarishaji chanya. Tunahukumu kwa kilichotokea kwenye tabia. Nia ya mwalimu haiingii kwenye hesabu. Kelele zimeongezeka, kwa hiyo kukemea, pamoja na macho ya darasa zima, kumekuwa tuzo. Aliyeandika "adhabu iliyoshindwa" asipewe kitu: kama tabia haikupungua, kwa maana ya Skinner hapakuwa na adhabu.

7. (a) Uimarishaji chanya: pipi imeongezwa.
(b) Uimarishaji hasi: mayowe, na aibu ya kutazamwa, vimeondolewa. Wengi humtazama mtoto peke yake na kusahau kwamba naye anamfundisha mzazi, tena kwa ufanisi.
(c) Ni mlipuko wa mwanzo wa kuzimika. Tabia iliyokuwa ikilipa ikikosa malipo ghafla, kwa kawaida hupanda kwanza kabla ya kushuka. Mzazi asiyejua hili hudhani mbinu imeshindwa, ananunua, na hapo amelipa mayowe makubwa zaidi.
(d) Mayowe yanakuwa sugu. Malipo ya mara mojamoja, yasiyotabirika, hufanya tabia ichelewe sana kuzimika. Charles Ferster na Skinner walichapisha matokeo marefu kuhusu ratiba za uimarishaji mwaka 1957. Mashine za kamari hutegemea kanuni hiyohiyo.

8. (a) Wa kikale. Ugonjwa ungekuja hata kama angekula kitu kingine.
(b) Umetokea kwa mara moja tu, na kati ya ladha na ugonjwa zilipita saa nyingi, ilhali kwa Pavlov vichocheo vilikaribiana na kurudiwa. Jibu jingine linalokubalika: si kila kichocheo kinafaa sawa. Mwaka 1966 John Garcia na Robert Koelling walionyesha kwamba panya huunganisha ladha na ugonjwa kwa urahisi, na mwanga na sauti na mshtuko wa umeme, lakini si kinyume chake. Mgonjwa wetu alikuwa na mtoto mgonjwa pembeni yake siku nzima, na bado lawama ikamwangukia samaki. Kujua ukweli kutoka kwa daktari hakukumsaidia.

9. Mabega kuruka ni Pavlov: ngurumo itakuja tu. Kuziba masikio ni Skinner: ngurumo bado inakuja, lakini sauti anayoisikia imepungua kwa sababu ya alichofanya. Jihadhari na anayesema "ngurumo ilikuja kwa vyote viwili, basi vyote ni Pavlov." Kinachohesabika ni kile kinachomfikia yeye masikioni.

10. Alama 2: hofu ilianza kwa njia ya kikale. Giza na kukosa pumzi ni vichocheo asilia, lifti ni kichocheo sharti. Alama 2: haijaisha kwa sababu kila anapogeukia ngazi, hofu inashuka, na kuepuka kunaimarishwa kwa njia hasi. Kwa kuwa hapandi tena, hapati nafasi ya kukutana na lifti isiyokwama, kwa hiyo mwitiko hauzimiki. Maelezo haya ya hatua mbili yalitolewa na O. H. Mowrer mwaka 1947. Alama 2 za mwisho: kukutana na lifti kidogo kidogo bila kukimbia, kwa mfano kusimama karibu na mlango wazi, kisha kuingia na kutoka, kisha ghorofa moja akiwa na mtu anayemwamini, akibaki kila hatua hadi hofu ishuke yenyewe. Anayemtaja Mary Cover Jones, ambaye mwaka 1924 alimsogezea mvulana sungura aliyemwogopa huku mvulana akila chakula anachokipenda, apewe alama zote mbili hata kama hatua zake hazikupangwa vizuri. Anayeandika "apewe zawadi kila akipanda" apewe moja: itamfikisha ndani ya lifti, lakini hajasema lolote kuhusu moyo unaokwenda mbio.