Maoni kuhusu rasimu ya insha yako: "Vijiji vya Ujamaa"

Dada, pole na kazi. Rasimu yako nimeisoma mara mbili. Aya ya tatu, bibi yako anapohama na jiwe lake la kusagia kichwani, imenigusa sana. Usiipunguze hata neno. Mimi ningeanza insha na hiyo.

Kuna jambo moja kubwa la kurekebisha. Umeandika kuwa watu walilazimishwa kuhamia vijijini mwaka 1967. Mwaka huo ndipo Azimio la Arusha lilipotangazwa, Februari 5, na kuhama kulikuwa kwa hiari. Amri ilikuja 1973. Ukitenganisha vipindi hivyo viwili, hoja yako kwamba sera ilibadilika njiani itapata nguvu, maana sasa hivi imejificha.

Pia "wakulima wote walichukia" ni kauli nzito kwa ushahidi wa familia moja. Bibi yako mwenyewe anasifu shule na kisima! Mpe nafasi aseme yote mawili.

Aya ya tano inarudia ya pili. Tahajia ni kidogo tu, nimezipigia mstari kwa penseli.

Nipo maktaba Alhamisi mchana, tukae tuipitie pamoja ukipenda.