Nani Aliyeombwa: Kura ya Wanawake New Zealand na Uswisi

Tarehe 19 Septemba 1893, Gavana wa New Zealand, Lord Glasgow, alitia sahihi sheria iliyowaruhusu wanawake wa koloni lile waliotimiza miaka 21 kuchagua wabunge. Uswisi, nchi inayojivunia demokrasia ya karne nyingi, ilifika hapo tarehe 7 Februari 1971. Pengo ni la miaka 77 na ushei. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba watu wa New Zealand walikuwa wageni katika nchi mpya, wenye fikra pana, na Waswisi ni wahafidhina wa milimani. Mimi siridhiki nayo. Ukifuatilia kazi waliyoifanya wanawake wenyewe, utaona kwamba mbinu zilikuwa karibu zilezile: sahihi, mikutano, barua, magazeti, na subira isiyo ya kawaida. Kilichotofautiana sana ni aliyepaswa kuombwa.

New Zealand mambo yalianzia kwenye pombe. Mwaka 1885 Mmarekani Mary Leavitt alizunguka koloni lile akianzisha matawi ya umoja wa wanawake Wakristo waliopinga ulevi. Waliojiunga walikuwa wameona mishahara ya waume ikiishia baani, na haikuwachukua muda kugundua kwamba mbunge hana haja ya kumsikiliza mtu asiyempigia kura. Mwaka 1887 Kate Sheppard wa Christchurch, mzaliwa wa Liverpool, akakabidhiwa idara ya umoja huo iliyoshughulikia haki ya kura. Hakuvunja dirisha la mtu wala hakulala jela, kama walivyofanya baadaye wenzake wa Uingereza. Aliandika. Vipeperushi, barua kwa wahariri, barua kwa wabunge mmoja mmoja, na juu ya yote maombi ya kukusanyia sahihi.

Maombi yale yalikua mwaka hadi mwaka. Ya 1891 yalikuwa na sahihi zaidi ya 9,000, ya 1892 karibu 20,000, na ya 1893 karibu 32,000, yaani takriban robo ya wanawake watu wazima wa Kizungu waliokuwa wakiishi huko. Karatasi ziliunganishwa kwa gundi, ncha kwa ncha, zikawa ukanda wa mita 270 hivi, kisha zikazungushwa kwenye kipande cha mpini wa ufagio. John Hall, mbunge aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, aliubeba mzigo ule hadi bungeni, akashika ncha moja na kuuachia ujikunjue sakafuni mpaka ule mpini ukagonga ukuta wa upande wa pili. Hakuna hotuba ambayo ingesema zaidi.

Wapinzani nao hawakulala. Henry Fish, mbunge wa Dunedin aliyekuwa karibu na wafanyabiashara wa pombe, alilipa watu wazunguke kukusanya sahihi za kupinga; ikaja kubainika kwamba baadhi ya waliosaini walikuwa wamedanganywa kuhusu walichosaini. Waziri Mkuu John Ballance, aliyeunga mkono kura ya wanawake, akafariki Aprili 1893. Aliyemrithi, Richard Seddon, hakuitaka kabisa, ila alikuwa mjanja: aliuacha muswada upite Baraza la Wawakilishi akitarajia Baraza la Juu lingeuua, kama lilivyowahi kufanya.

Hapo ndipo hesabu zilipomgeukia. Alipoona kura zimekaribiana, Seddon alimshinikiza mjumbe mmoja wa chama chake abadili msimamo. Habari zikavuja. Wajumbe wawili wa upinzani, ambao muda wote walikuwa dhidi ya muswada, walichukizwa na hila ile kiasi cha kuupigia kura ya ndiyo ili kumkomoa. Tarehe 8 Septemba muswada ulipita kwa kura 20 dhidi ya 18. Wasimulizi wengi hulipita tukio hili haraka, labda kwa sababu linapunguza utukufu. Kwangu mimi ndilo kiini. Sahihi 32,000 ndizo zilizolifikisha jambo mezani na kuwafanya wanasiasa waliogope, lakini siku ya mwisho waliohitajika walikuwa wanaume 38 ndani ya chumba kimoja, na wawili kati yao walisukumwa na hasira.

Wanawake wa Uswisi hawakupata kamwe chumba cha namna hiyo. Katiba ya shirikisho ya 1848 ilimpa haki ya kura kila Mswisi, na neno hilo likasomwa kuwa ni mwanaume. Kuibadilisha kulihitaji kura ya maoni ya nchi nzima, na ushindi wa namna mbili kwa pamoja: wingi wa wapiga kura na wingi wa kantoni, yaani majimbo yanayounda nchi hiyo. Wapiga kura wenyewe ni wanaume. Kwa hiyo hata bunge lote lingekubali, bado kila mkulima, kila fundi wa saa na kila karani alipaswa kukubali kugawana alichokuwa nacho peke yake.

Kazi haikukosekana. Chama cha kitaifa cha kutetea kura ya wanawake kilianzishwa 1909. Katika mgomo mkuu wa Novemba 1918, kura ya wanawake ilikuwa dai la pili katika orodha ya wafanyakazi. Mwaka 1928, kwenye maonyesho ya kazi za wanawake mjini Bern, waandamanaji walikokota sanamu kubwa ya konokono kuidhihaki kasi ya serikali. Mwaka uliofuata wakawasilisha ombi lenye sahihi karibu 250,000, zikiwemo za wanaume zaidi ya 78,000. Ni karibu mara nane ya sahihi za akina Sheppard. Serikali ikalipokea, ikaliweka kabatini. Namba ile kubwa haikuwa na pa kugonga, maana aliyepokea ombi siye aliyekuwa na uamuzi.

Mwaka 1957 kijiji cha Unterbäch, katika kantoni ya Valais, kilijaribu njia nyingine. Taifa lilikuwa linapigia kura suala la kuwalazimisha wanawake kutumikia katika ulinzi wa raia. Baraza la kijiji likaona si haki kumtwisha mtu wajibu bila kumuuliza, likawaruhusu wanawake wapige kura. Kati ya 84, walijitokeza 33, wa kwanza akiwa Katharina Zenhäusern. Kura zao hazikuhesabiwa, lakini habari zilisambaa duniani.

Kura ya maoni ya kwanza ya kitaifa ikafanyika tarehe 1 Februari 1959. Asilimia 66.9 ya wanaume wakasema hapana. Siku mbili baadaye, walimu wa sekondari ya wasichana mjini Basel waligoma kufundisha. Linganisha na kwetu: mwaka 1965 wanawake wa Tanzania walipiga kura kuchagua rais na wabunge, wakati daktari au mwalimu wa kike wa Zurich akibaki nyumbani siku ya uchaguzi wa bunge la nchi yake.

Hata hivyo siku ileile ya 1959 ilizaa kitu. Kantoni tatu za wazungumzaji wa Kifaransa, Vaud, Geneva na Neuchâtel, zilisema ndiyo. Vaud ikawapa wanawake kura katika mambo yake ya ndani papo hapo, Neuchâtel ikafuata mwaka huohuo, Geneva mwaka 1960. Wanaume wa kantoni nyingine wakapata nafasi ya kuona majirani zao wakipiga kura pamoja na wake zao, na maisha yakaendelea. Nadhani mfano huu wa jirani ulifanya kazi kubwa kuliko vipeperushi vya miaka 50.

Msukumo wa mwisho ulitoka nje, nao uliletwa na serikali yenyewe bila kukusudia. Mwaka 1968 ilitangaza nia ya kutia sahihi Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu huku ikiweka angalizo kwamba wanawake wake hawapigi kura. Aibu hiyo iliwachemsha hata waliokuwa wapole. Tarehe 1 Machi 1969 watu wapatao 5,000 waliandamana Bern wakipuliza filimbi, wakiongozwa na Emilie Lieberherr. Viongozi wa vyama vikongwe vya wanawake walikaa pembeni, wakihofu kwamba kelele zingewaudhi wanaume ambao kura zao zilikuwa bado zinahitajika. Hofu yao ilikuwa na mantiki, maana hakuna mbinu nyingine iliyobaki kwa mtu ambaye adui yake ndiye hakimu wake. Safari hii walikosea. Miaka miwili baadaye asilimia 65.7 walisema ndiyo. Waliosema ndiyo 1959 walikuwa 323,000 na zaidi kidogo, na waliosema hapana 1971 walikuwa 323,000 na zaidi kidogo vilevile.

Ukija kwenye matokeo, aliyetangulia hakufika mbali upesi. New Zealand, wanawake zaidi ya 109,000 walijiandikisha katika wiki chache, na takriban 90,000 wakapiga kura tarehe 28 Novemba 1893. Seddon, yule aliyefanya kila hila kuwazuia, alishinda uchaguzi ule kwa kishindo. Marufuku ya pombe nchi nzima, iliyowaingiza wanawake wengi katika harakati, haikupatikana kamwe. Sheria iliwahusu pia wanawake wa Kimaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, na mwaka huohuo Meri Te Tai Mangakāhia alikwenda mbele zaidi: aliliomba bunge la Wamaori wenyewe liwape wanawake kura na viti pamoja, kwa hoja kwamba wapo wanawake wanaomiliki ardhi yao wenyewe. Bunge la koloni lilitoa kura tu. Wanawake hawakuruhusiwa kugombea ubunge hadi 1919, na wa kwanza kushinda, Elizabeth McCombs, aliingia 1933, miaka 40 baada ya sahihi ya gavana.

Waswisi walichelewa, lakini kura na kugombea vilikuja pamoja. Oktoba 1971 wanawake 10 waliingia Baraza la Taifa lenye viti 200, na 1984 Elisabeth Kopp akawa wa kwanza katika serikali ya shirikisho. Kantoni zilibaki na mambo yake. Huko Appenzell Innerrhoden, ambako raia hukutana uwanjani na kupiga kura kwa kunyoosha mkono, wanaume walikataa tena Aprili 1990, na ikabidi Mahakama ya Shirikisho iwaamuru Novemba mwaka huohuo.

Kwa maisha ya nyumbani, kura iliyogusa zaidi ilikuwa ya Septemba 1985, kuhusu sheria mpya ya ndoa. Ile ya zamani ilimtambua mume kuwa kichwa cha familia, na mke alihitaji ridhaa yake ili afanye kazi nje. Sheria mpya ilipita kwa asilimia 54.7. Uchunguzi uliofanywa baada ya matokeo ulionyesha kwamba wengi wa wanaume waliikataa.