Utambulisho wa Mchungaji Rehema, Jumapili ya Mavuno

Bwana Yesu asifiwe! Bwana Yesu asifiwe sana!

Mchungaji wetu kiongozi, wazee wenzangu, wanakwaya, ndugu zetu mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, nanyi watoto mliokaa mkekani hapa mbele: somo limesomwa, kwaya imeimba, na mgeni wetu yuko tayari. Nimepewa dakika chache za kumtambulisha. Jana usiku nilimsomea haya yote, akanirekebisha mawili matatu, kwa hiyo mtakayosikia ni kweli tupu.

Naanza na kosa langu. Kwenye matangazo ya Jumapili iliyopita na kwenye bango la getini nimeandika kwamba leo tutahubiriwa na "Mama Mchungaji". Sote tunajua kwetu hapa mama mchungaji ni nani: ni mke wa mchungaji, na tunampenda na kumheshimu. Lakini mgeni wetu wa leo si mke wa mchungaji. Mumewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Mchungaji ni yeye mwenyewe, amebarikiwa kwa kuwekewa mikono, na ametumika katika kazi hiyo kwa miaka 14 sasa. Nimemwomba radhi, naye amenisamehe. Nanyi nawaomba radhi hapa mbele ya madhabahu, kwa sababu kwenye kanisa letu jambo hili halikuja kirahisi. Ni mwaka 1990 ndipo KKKT iliporidhia wanawake kuingia katika uchungaji, na baada ya hapo kila dayosisi ikawa na safari yake. Wapo akina mama humu ndani walioongoza maombi, wakafundisha watoto, wakalea jumuiya maisha yao yote, na mlango huo haukuwahi kufunguka kwao. Kwa heshima yao, leo tumwite kwa jina la kazi yake: Mchungaji Rehema.

Amezaliwa Mlalo, juu kabisa Usambara, na ndiko anakotumika hadi leo. Wenye asili ya milimani mnapajua. Kwa ninyi wa pwani, na vijana wetu wa Makorora na Chumbageni ambao hamjawahi kupanda zaidi ya Mombo, niseme kidogo tu. Wamisionari wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891. Na pale jirani, Lwandai, ndipo kilipoanzia mwaka 1947 chuo cha kuwaandaa wachungaji wa Kilutheri, kabla ya kuhamia Makumira mwaka 1954. Mchungaji Rehema alisomea uchungaji Makumira. Kwa hiyo alishuka kutoka kijiji kilichokuwa mlezi wa chuo, akaenda kusoma kwenye chuo chenyewe, kisha akarudi nyumbani. Kurudi huko ndiko kunakonigusa mimi. Angeweza kuomba usharika wa mjini.

Tulivyomfahamu, nalieleza mwenyewe kwa sababu lilinikuta mimi. Miaka michache iliyopita kijana wangu alikuwa anasoma bweni kule Lushoto. Akaugua usiku, homa kali, akapelekwa hospitali. Mimi niko huku Tanga, simu inaita, nalia tu, basi la kwanza mpaka alfajiri. Nilipofika wodini siku ya pili, nilikuta mama mmoja amevaa sweta la kijani ameketi kwenye stuli, amemshikia mwanangu kikombe cha uji anampozea kwa kijiko. Nikadhani ni muuguzi. Nikamuuliza, "Dada, dokta amesemaje?" Akanijibu dokta alivyosema, akanieleza dawa zote na saa zake, akanionyesha choo kiko wapi na chai inauzwa wapi. Hakusema yeye ni nani. Nililijua jioni, kutoka kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, muumini wake kutoka Mlalo, ambaye ndiye Mchungaji alikuwa amekuja kumtembelea. Mwanangu hakuwa hata wa usharika wake. Alimkuta yuko peke yake, akakaa.

Kijana huyo amesimama pale nyuma kwenye kwaya ya vijana, sauti ya besi. Amepona, Mungu ni mwema.

Kazi zake nyingine nazipitia haraka. Anafundisha darasa la kipaimara. Anatembelea mitaa yake, mingine kwa miguu, kwa sababu mvua zikinyesha bodaboda hazipandi. Analima, na hapa aliniambia niseme wazi: analima viazi na karoti kwa mikono yake, si shamba la kuajiri watu. Ni mama wa watoto 3. Si daktari wa theolojia; kuna ndugu alimtangaza hivyo kwenye kundi letu la wasapu, naye ameomba lisirudiwe.

Jana alitoka Mlalo kabla hakujapambazuka. Akashuka Lushoto, Soni, Mombo, akapita Korogwe, Segera, Muheza, akatufikia stendi ya Kange jua limekwisha kuwa kali. Tulikwenda kumpokea mimi na Mzee wa fedha. Mzee akataka kumpokea kikapu, akakataa, akasema hicho ni cha Bwana, atakibeba mwenyewe mpaka mahali pake. Kikapu chenyewe ni kile pale, mnakiona, kati ya mkungu wa ndizi na zile nazi za mtaa wa Pongwe: kabichi 4 na karoti ambazo bado zina udongo mwekundu wa kwao. Ameshuka na mavuno yake kuja kuyaweka pamoja na mavuno yetu. Kwenye mnada baada ya ibada nitasikitika sana kama nitakiona kinauzwa kwa bei ya sokoni!

Mahubiri yake yatatoka katika somo tulilosikia, Injili ya Marko sura ya 4, ule mfano wa mtu aliyemwaga mbegu akalala na kuamka, mbegu ikamea asivyojua yeye. Sitaligusa, ni lake. Ninachowaomba ni hiki: simu tuzizime, watoto wakilia tuwatoe nje polepole bila kuwakemea, na wale tunaopenda kuchungulia saa, leo tumwachie mgeni wetu nafasi. Huyu anayesimama mbele yetu anaujua udongo, anajua kungoja mvua, na anajua kukaa kando ya kitanda cha mtu asiyemfahamu.

Na kitu kimoja cha kuombea. Anaporudi kesho, usharika wake uko katikati ya ujenzi wa nyumba ya mtumishi, kuta zimefika kwenye linta, bati bado. Hakuniomba niseme. Nimesema mwenyewe, baada ya kuomba ruhusa kwa Mchungaji kiongozi, na bahasha ziko kwa wazee mlangoni kwa atakayeguswa. Asiyekuwa nacho, amwombee kwa jina.

Sasa, wote tulioketi tusimame tumpokee kwa makofi, na Wasambaa mliomo humu mmsalimu kwa lugha ya nyumbani asijione mgeni.

Mchungaji Rehema, onga makeo. Karibu madhabahuni. Kipaza sauti kimewashwa, na maji ya kunywa yako mkono wako wa kulia.