Kwa ndugu, majirani na wanakwaya wenzangu

Wapendwa habari zenu, nimetoka hospitali juzi baada ya opresheni ya tumbo, namshukuru Mungu naendelea vizuri japo polepole. Najua wengi mmepanga kuja kuniona na wengine mmeshafika mpaka getini na ndizi na maziwa, jamani ndaga fijo, upendo nimeuona.

Ila naomba kwa heshima zote msije kwanza mpaka huu mwezi wa saba uishe. Daktari kasema nipumzike, na nyie mnanijua, mgeni akiingia siwezi kubaki nimelala lazima niinuke nikae, jana nimekaa na watu toka saa nne mpaka jioni, usiku nyuzi zimevuta mpaka nimelia. Halafu baridi hii ya Uyole mafua yapo kila nyumba, mimi nikikohoa tu inabidi nikumbatie mto tumboni.

Shangazi zangu na mawifi, najua kwetu mgonjwa asipotembelewa anaonekana katupwa. Sijatupwa, na simfukuzi mtu.

Simu anashika baba watoto, meseji zenu ananisomea zote. Habari za ugonjwa wenyewe naomba zibaki humu ndani, tafadhali msimuulize binti yangu mkikutana naye sokoni, anarudi analia.

Ninachohitaji sana ni maombi. Saa tatu usiku huku tunasali, na wewe ukiwa hapo ulipo nitaje kwa jina. Jumuiya mkikutana mnikumbuke pia.

Nikipona nitawaita mwenyewe, chai nitapika mimi.